Jinsi ya kuomba barua ya uthibitisho wa ajira utumishi (ya viza au mkopo) isikurudie

Mwangaluka wadau. Naandika hii kwa sababu swali ni lile lile kila wiki, mtu ananitumia wasap saa tatu usiku, "kaka kesho natakiwa nipeleke barua ya mwajiri benki, inaandikwaje?" au "wamenambia ubalozini barua yangu haijakamilika, sasa nifanyeje?". Nimekaa dawati la utumishi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza kwa miaka tisa, barua hizi nimechapa mimi mwenyewe nyingi sana, na zilizorudi nimeziona pia, kwaiyo nachosema hapa ni kutoka upande wa yule unayemuomba.

Kitu kimoja nataka ukishike kabla hatujaanza. Barua ya viza na barua ya mkopo ni barua mbili tofauti, hata kama zote zinaitwa barua ya uthibitisho wa ajira. Mtu wa viza anajiuliza "huyu atarudi kwao? na hela ya safari kaitoa wapi?". Afisa mikopo anajiuliza "huyu atakuwepo kazini mpaka amalize rejesho? na akiondoka ntampata wapi?". Ukienda utumishi ukasema tu "naomba barua" utapewa ile ya siku zote, mistari minne, fulani ni mfanyakazi wetu ana tabia njema, na hiyo haijibu swali la yeyote kati ya hao wawili. Sisi wa utumishi hatujui inaenda wapi usipotuambia.

Uwe na nini kabla hujaenda

Kitambulisho cha NIDA, na pasipoti kama ni ya viza. Mkataba wako wa kazi, ule wa mwisho uliosainiwa, sio wa kwanza. Salari slipu za miezi mitatu ya karibuni na steitimenti ya benki ya miezi hiyo hiyo. Kama ni viza, orodha ya nyaraka wanazotaka, uiprinti kabisa kutoka kwenye tovuti ya hiyo nchi unayoenda. Kama ni mkopo, muulize afisa mikopo kama benki ina fomu yao ya mwajiri, maana benki nyingi wanayo, na ukiwa nayo barua inakuwa fupi au haihitajiki kabisa. Na tarehe ulizoombea likizo, zilizokubaliwa tayari, hilo ntalirudia.

Kama huna mkataba wa maandishi anzia hapo kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya ajira yako unapoanza kazi, yani kazi gani, umeanza lini, aina ya mkataba na muda wake, mshahara na jinsi unavyokokotolewa. Barua ya uthibitisho inatolewa humo humo, sasa kama faili lako halina kitu afisa utumishi anaandika kutoka wapi?

Hatua

1. Hesabu siku kurudi nyuma.

Usianze na siku unayotaka barua, anza na siku ya safari au siku ya kupeleka fomu. Kwa viza ya Schengen maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, majibu kwa kawaida ni siku 15 ila wanaweza kuvuta mpaka 45 wakihitaji kuchunguza zaidi. Na sisi wa huku kanda ya ziwa tuna safari ya Dar juu yake, maana alama za vidole unatoa kule. Kwaiyo omba barua utumishi wiki tatu kabla ya miadi yako ya Dar. Sio mapema sana pia. Barua yenye umri wa miezi mitatu inamfanya anayesoma ajiuliza kama bado upo kazini, mimi nashauri isizidi siku 30 siku unayoikabidhi.

2. Linganisha majina yako.

Weka pasipoti, NIDA, mkataba na kadi ya benki mezani, soma herufi kwa herufi. Huku kwetu hili linaumiza watu wengi, hasa kina dada walioolewa baada ya kuajiriwa, na wale ambao kwenye mkataba wameandikwa majina mawili na kwenye NIDA matatu. Barua ya viza ifuate jina la pasipoti, barua ya mkopo ifuate jina la akaunti. Kama kwenye faili la kazi jina ni tofauti, barua iseme wazi kwamba ni mtu huyo huyo. Usiache afisa wa viza akisie.

3. Linganisha hela. Hapa ndo penyewe, soma taratibu.

Mshahara ulio kwenye barua huwa ni ghafi, mshahara ulio kwenye steitimenti ni wa mkononi, na mtu anayesoma karatasi zote mbili anaona namba mbili zisizofanana. Chukua mfano wa dada mmoja wa maabara kwetu, mwaka 2024, ndo ntakayemtumia mpaka mwisho kwa ruhusa yake, jina naliacha. Mshahara wa msingi 850,000, posho ya nyumba 150,000, jumla ghafi 1,000,000. NSSF asilimia 10 ni 100,000. Inayobaki ya kukatwa kodi ni 900,000, na kodi ya PAYE kwa viwango vya wakati ule ilikuwa 103,000. SACCOS anakatwa 60,000. Benki ikawa inaingia 737,000.

Barua yake ya kwanza iliandika "analipwa 1,000,000". Basi. Haikusema kwa mwezi, haikusema shilingi, haikusema ghafi. Sasa mtu aliyekaa ofisini huko anaona milioni moja kwenye barua na laki saba na kitu benki, hakuna wa kumweleza ile laki mbili na sitini na tatu elfu imeenda wapi. Yeye hajui SACCOS ni nini. Anachoona ni kwamba barua na benki haziongei lugha moja.

Tiba yake ni sentensi mbili tu: mshahara ghafi ni shilingi za Tanzania 1,000,000 kwa mwezi, na baada ya makato ya kisheria na mchango wa SACCOS anapokea 737,000 kupitia akaunti yake benki. Halafu ambatanisha salari slipu zinazoonyesha hayo makato mstari kwa mstari. Usibadilishe kuwa yuro au dola kwenye barua, kiwango kinabadilika kila siku na utazalisha namba ya tatu ambayo nayo hailingani na kitu.

Na kuna ya saa za ziada. Wanaofanya viwanda vya samaki mnajua, samaki wakiwa wengi mnakesha, mwezi huo benki inaingia zaidi, samaki wakikata mnarudi palepale. Yule dada steitimenti yake mwezi mmoja ilisoma 812,000. Barua ikaongezwa maneno "pamoja na malipo ya saa za ziada yanayobadilika kila mwezi". Usiombe utumishi wajumlishe saa za ziada kwenye mshahara ili uonekane mkubwa, kwa benki hasa utajiumiza mwenyewe, maana watakukopesha kwa hela ambayo mwezi wa samaki wachache haipo na rejesho lipo palepale.

4. Likizo kwanza, barua baadae (kwa viza).

Barua ya viza bila tarehe za likizo inakosa kile kitu mtu wa viza anachokitafuta. Jaza fomu ya likizo, isainiwe na msimamizi wako, ndipo uje kwetu. Likizo ya mwaka kisheria ni siku 28 mfululizo, wikiendi zimo ndani, kwaiyo usiandike safari ya siku 40 halafu barua ionyeshe likizo ya 28 bila maelezo ya zile 12. Kama umepewa likizo bila malipo kwa zilizobaki, iandikwe hivyo. Yule dada alikuwa anaenda Uholanzi kwa dada yake aliyejifungua, safari 3 Mei mpaka 24 Mei. Likizo ikaandikwa 3 Mei hadi 26 Mei 2024, kuripoti kazini Jumatatu 27 Mei. Ile siku ya kuripoti ina nguvu kuliko watu wanavyodhani, inaonyesha kuna kiti kinamsubiri.

Mtumishi wa umma, wewe una la zaidi. Unahitaji kibali cha kusafiri nje ya nchi, kinachukua muda wake, na maombi yako yanapita kwa mkuu wako wa kazi kwenda kwa mkurugenzi. Mwalimu wa Ilemela usiende moja kwa moja manispaa na barua ambayo mkuu wa shule hajaiona, utarudishwa ukaanze upya.

5. Andika ombi lako kwa maandishi.

Usiombe kwa mdomo kwenye foleni ya chakula. Imeili au karatasi, moja ibaki kwako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Ombi la yule dada lilikuwa hivi, na unaweza kulichukua ukabadilisha:

"Kwa Meneja Rasilimali Watu. Shikamoo. Mimi ni mtaalamu wa maabara, idara ya udhibiti ubora, namba ya kazi (weka yako). Naomba barua ya uthibitisho wa ajira kwa ajili ya maombi ya viza ya kutembelea ndugu yangu Uholanzi, safari ni tarehe 3 hadi 24 Mei 2024 na likizo yangu imeshaidhinishwa, fomu nimeambatanisha. Naomba barua iwe kwa Kiingereza, ielekezwe Ubalozi wa Uholanzi, na itaje cheo changu, tarehe niliyoanza kazi, aina ya mkataba, mshahara ghafi na ninaopokea, tarehe za likizo na tarehe ya kuripoti. Miadi yangu Dar ni tarehe 2 Aprili, hivyo naomba kuipata kufikia tarehe 18 Machi. Naridhia taarifa zangu za ajira na mshahara zitolewe kwa ubalozi huo kwa kusudi hili tu. Nimeambatanisha nakala ya pasipoti na rasimu ya barua ili kurahisisha."

Ona ile sentensi ya kuridhia. Watu wanairuka, na ndo inayotuchelewesha sisi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, utumishi makini hawataki kumwambia mtu wa nje mshahara wako bila wewe kukubali kwa maandishi. Ukishaiweka humo hatuna sababu ya kukuita tena.

6. Peleka rasimu.

Hii sio kujipendekeza wala sio kumfundisha mtu kazi. Afisa utumishi ana watu mia nne, ana vibarua wanalipwa kila wiki, ukimpa rasimu iliyo sawa anaikagua na faili, anarekebisha, anaiweka kwenye karatasi ya kampuni, imeisha. Rasimu iwe na mambo yale uliyoyataja kwenye ombi, aya tatu, ukurasa mmoja. Nani wewe na umekuwepo tangu lini, unalipwa nini, likizo na kurudi. Mwisho namba ya simu na imeili ya kampuni ya kuulizia, jina na cheo cha anayesaini, saini, muhuri, tarehe.

Usiweke sifa. Mchapakazi, mwaminifu, ana nidhamu, hizo ni za barua ya kuombea kazi nyingine, afisa wa viza hana pa kuziweka.

Lugha pia. Barua ya viza iombe kwa Kiingereza kabisa kama nchi unayoenda inakipokea. Uingereza kwa mfano kila nyaraka isiyo ya Kiingereza au Kiwelisi lazima iwe na tafsiri yenye jina la mtafsiri, saini, tarehe, mawasiliano yake na uthibitisho kwamba ametafsiri kwa usahihi, hayo yote ni hela na siku. Ya benki za hapa Kiswahili hakina shida.

7. Hakikisha anayesaini ndiye.

Msimamizi wako wa zamu, hata kama mnapatana vipi, sio mtu wa kusaini barua hii. Ile ya kwanza ya yule dada ilisainiwa na msimamizi wa maabara, kwa roho nzuri kabisa, bila muhuri. Anayetakiwa ni meneja rasilimali watu, au mkurugenzi, au yeyote ambaye jina lake likiulizwa ofisini linajulikana kama mwenye mamlaka ya ajira. Kwa fomu ya benki usishangae ikipanda mpaka kwa mkurugenzi, sababu ntaieleza chini.

8. Waandae watakaopokea simu.

Hatua hii hakuna anayekwambia. Ubalozi na benki wanaweza kupiga simu ile namba iliyo kwenye barua. Niliwahi kuona mkopo umekwama wiki mbili kwa sababu benki ilipiga mchana, mapokezi alikuwa ametoka, simu ikapokelewa na mlinzi ambaye ni mgeni, akaulizwa mnamjua fulani wa karakana, akajibu "huyo hapa hayupo". Hakudanganya, yeye alielewa wanauliza kama yupo muda huo. Afisa mikopo akaandika hajathibitishwa. Kwaiyo barua ikishatoka nenda mapokezi umwambie dada wa pale, "dada naomba, wiki hizi mbili wakinipigia wa ubalozi au benki waunganishe utumishi", na namba iliyo kwenye barua iwe inayopokelewa kweli. Ile simu ya mezani iliyokatwa tangu kiwanda kihame jengo itolewe.

9. Kagua ukiwa palepale mezani.

Barua ukipewa usiikunje ukaondoka. Soma jina, namba ya pasipoti, mwaka ulioanza kazi, mshahara kwa tarakimu na maneno, tarehe za likizo, tarehe ya barua. Ukikuta kosa rudisha ichapwe upya, hata kama ni herufi moja. Usirekebishe kwa kalamu na usipake ile dawa nyeupe, barua iliyofutwa inasomeka kama ya kughushi hata kama uliyefuta ni wewe na nia yako safi. Ikiwa sawa iskani PDF, chukua nakala mbili za asili kama wanakubali.

Yule dada ombi lilipokelewa Jumatatu 11 Machi, barua ikatoka Ijumaa tarehe 15, na ndani yake tukaongeza ule mstari wa jina kwa sababu kiwandani alikuwa bado anatumia jina la baba na pasipoti ina jina la mume, cheti cha ndoa akaambatanisha. Dar akaenda, viza ikatoka. Sisemi barua ndo iliyompa, alikuwa na mwaliko na akiba pia, ila safari hii karatasi zake zote zilikuwa zinasema kitu kimoja.

Kama ni mkopo, haya ndo yanabadilika

Hatua za majina, hela, ombi na simu ni zile zile. Likizo haihusiki. Kinachoingia ni mambo mawili.

La kwanza ni mwisho wa mkataba. Wengi wetu viwandani tuna mikataba ya mwaka au miaka miwili, na afisa mikopo anaangalia tarehe ya mwisho kabla hajaangalia mshahara. Mkataba umebakiza miezi 8 na wewe unataka mkopo wa miezi 24, hata barua iwe nzuri namna gani itakwama, au utapewa wa miezi 7. Mtu mwenye akili anaomba mkataba mpya kwanza, akishasaini ndo anaomba barua. Nimeona watu wanafanya kinyume, wananyimwa, halafu wiki mbili baadae mkataba unaongezwa.

La pili ni ahadi ya mwajiri. Fomu za benki nyingi hazithibitishi ajira tu, zinamtaka mwajiri aahidi kwamba mshahara utaendelea kupitia benki hiyo mpaka deni liishe, kwamba ataijulisha benki ukiacha kazi, na pengine kwamba mafao yako yatapita huko kwanza. Hapo ndo utumishi wanasita, na wana haki ya kusita, sio roho mbaya. Ile ni kampuni inajifunga. Ndo maana inapanda kwa mkurugenzi na inaweza kuchukua wiki mbili. Soma hiyo fomu wewe mwenyewe kabla ya kuipeleka, na kama makato yanafanyika kwenye mshahara moja kwa moja lazima kuwe na karatasi uliyosaini kukubali deni hilo likatwe, kifungu cha 28 cha sheria ile ile ya ajira.

Mtumishi wa umma una ukomo mwingine, theluthi moja ya mshahara wa msingi lazima ibaki kwako. Msingi 900,000 maana yake baada ya makato yote uwe na 300,000 angalau. Piga hesabu hiyo nyumbani kabla hujamsumbua afisa utumishi, maana ikiwa makato uliyonayo yameshakufikisha hapo hawezi kukupitishia.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuomba utumishi waandike "ajira ya kudumu" wakati mkataba ni wa mwaka mmoja. Nakuomba usifanye hivyo na usimuweke mwenzako kwenye hali hiyo. Mkataba wa muda maalum haukunyimi viza, uandikwe ulivyo na kama umeshaongezwa mara tatu barua itaje kwamba umekuwa ukiongezwa tangu mwaka fulani, hiyo inasaidia zaidi. Kudanganya kwenye maombi ya viza ya Uingereza kunaweza kukufungia miaka 10. Barua za kununua za kule mtaani zenye muhuri wa kuchonga nazo ni hivyo hivyo, simu moja tu inaziumbua.

Kosa jingine ni barua moja kwa kazi zote, "kwa yeyote anayehusika", unaitoa kopi unapeleka benki tatu na ubalozi. Kila mmoja atapata majibu ya maswali ambayo hakuuliza.

Na kuja siku ya mwisho wa mwezi. Tarehe 25 mpaka 30 tunaandaa mishahara, hata ukija na rasimu ya dhahabu hatutaishika. Njoo kati ya tarehe 5 na 18.

Ikikwama

*Utumishi wanasema sera hairuhusu kutaja mshahara.* Usigombane. Omba barua isiyo na mshahara, yenye cheo, tarehe ya kuanza na likizo, halafu mshahara uthibitishe kwa salari slipu zilizogongwa muhuri na steitimenti. Kwa viza mara nyingi inatosha. Kwa mkopo muulize afisa mikopo kwanza.

*Siku saba zimepita kimya.* Usianze kupita juu yao. Nenda na nakala yako iliyogongwa muhuri, uliza kwa heshima, "bosi, ombi langu la tarehe 11 limefikia wapi, kuna kitu kimepungua?". Mara nyingi kuna kitu kimepungua, fomu ya likizo haijasainiwa au mwenye kusaini yuko Dar. Kama yuko safarini omba atume iliyosainiwa na kuskaniwa kwa imeili ya kampuni, ya asili ifuate.

*Umeajiriwa na wakala ila unafanya kazi kiwandani.* Mwajiri wako ni wakala, barua inatoka kwake, maana ndiye anayeonekana kwenye salari slipu na NSSF. Kiwanda kinaweza kukupa barua ya pili fupi kwamba unafanya kazi pale. Ukipeleka ya kiwanda peke yake mshahara utaonekana unatoka kwa mtu mwingine.

*Bado uko kwenye majaribio.* Barua unapata, ila itasema hivyo. Benki nyingi watakwambia usubiri uthibitishwe. Kama mkopo unaweza kungoja miezi hiyo, ngoja.

*Kampuni ni ndogo, haina ofisi ya utumishi.* Duka la vifaa vya uvuvi Kirumba, wafanyakazi watano, bosi ndo kila kitu. Bosi mwenyewe ataandika na kusaini, karatasi iwe na jina la biashara, mahali ilipo na simu, na ambatanisha nakala ya cheti cha BRELA au leseni ya biashara ili anayesoma ajue duka lipo kweli.

*Sehemu ya mshahara unalipwa taslimu.* Hili ni gumu. Barua itasema namba ambayo benki haina. Usiende kuweka milioni tatu kwa mkupuo wiki moja kabla ya kuomba, inaonekana. Zungumza na bosi mshahara wote uanze kupitia benki, au wewe mwenyewe uwe unaweka ile ya taslimu kila unapolipwa, tarehe zile zile, miezi mitatu, ndipo uombe barua. Na stakabadhi za kusainia malipo ya taslimu zitunze, afisa mikopo wengine wanaziangalia.

*Umefanyia tawi la Sengerema na utumishi uko mjini.* Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi lipo, hakuna tena kusubiri kivuko, ila bado usipande gari kabla hujapiga simu kuuliza kama anayesaini yupo ofisini siku hiyo.